Dakika Kumi za Mkutano wa Mtaa: Hotuba Tatu za Kutambulisha Spea za Kuchapa, Zikilinganishwa

Kijana aliyenunua printa ya 3D na kutaka kuwaeleza wakazi wenzake kwamba sasa anatengeneza spea za plastiki, kwa kawaida hupewa nafasi katika kipengele cha mengineyo, wakati masuala ya taka, ulinzi shirikishi na barabara yameshamaliza subira ya watu. Mwenyekiti wa mtaa akimpa dakika kumi amempendelea. Ndani ya dakika hizo hawezi kueleza kila kitu, kwa hiyo hana budi kuchagua hotuba yake itasimama juu ya nini: juu ya spea inayoshikika mkononi, juu ya hesabu ya bei, au juu ya mipaka ya kile anachoweza kukifanya. Hizi ni hotuba tatu tofauti, na kila moja huleta wateja wa aina yake.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nimezipitisha zote tatu kwenye kifaa kimoja, yaani feni ya kusimama ya kawaida ambayo kitufe chake cha nyuma, kile kinachobonyezwa ili kichwa cha feni kigeuke kushoto na kulia, kimepasuka. Printa ninayoizungumzia ni ile ya mezani inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, ambayo ncha yake ya kutolea plastiki ina upana wa milimita 0.4 na kila tabaka lina unene wa takriban milimita 0.2. Ncha hiyo na matabaka hayo vitarudi mbele, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kipi kichapwe na kipi kiachwe.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni kile ambacho msikilizaji anaweza kukihakiki palepale kwa macho na mikono yake, kwa sababu wakazi wa mtaa wamesikia matangazo mengi na neno tupu haliwatoshi. Cha pili ni kazi inayofuata: asubuhi ya kesho watakuja watu wa namna gani, wameshika nini. Cha tatu ni ahadi ambayo hotuba inamfunga nayo msemaji hata kama hakukusudia kuitoa, na kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kinachosahaulika zaidi. Mwishoni mwa kila hotuba nimeeleza inamfaa nani.

Sikuweka ufasaha wa kuzungumza miongoni mwa vigezo. Kigugumizi chenye spea nzuri mkononi husikilizwa.

Hotuba ya kwanza: spea mkononi

Hotuba hii huanza na kifaa kibovu mezani. Kijana anasimama, anatoa salamu zake, kisha anasema takriban hivi: “Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu, shikamooni. Feni hii ni nzima isipokuwa kitufe hiki kilichopasuka. Nimekipima, nimekichora upya kwenye kompyuta, na hiki hapa ndicho nilichokichapa. Naomba mzee mmoja aje akipachike mwenyewe.” Mzee anapachika, anabonyeza, feni inageuka, na maelezo mengine yote yanakuwa nyongeza.

*Kinachohakikiwa.* Kwa kigezo hiki hotuba ya kwanza ni tajiri sana, ila inahitaji maandalizi ambayo wengi huyadharau. Tundu la kitufe linalochapwa hutoka dogo kidogo kuliko lilivyochorwa, kwa kawaida kwa sehemu ya kumi moja hadi tatu za milimita, kwa kuwa plastiki inayopoa hujivuta kwa ndani. Pini ya feni ikiwa na kipenyo cha milimita 6 na tundu likachorwa milimita 6 kamili, mzee atasukuma, ataongeza nguvu, na kitufe kitapasuka mbele ya mkutano mzima. Tundu likichorwa milimita 6.2 huenda likaingia kwa kubana vizuri, lakini kila printa ina tabia yake, na njia ya uhakika ni kuchapa kwanza vipande vidogo vitatu vyenye matundu ya 6.1, 6.2 na 6.3, kuvijaribu kwenye pini yenyewe, kisha kuchora kitufe kwa kipimo kilichokubali. Si kazi ya usiku wa kuamkia mkutano.

Uchaguzi wa spea ya kuonyesha nao una mtego. Ndani ya feni hiyohiyo, nyuma ya mota, kuna gia ndogo ya plastiki inayozungushwa na skrubu ya mhimili wa mota, na ikiliwa meno yake feni hupuliza vizuri lakini kichwa hakigeuki, huku ukisikia mlio wa tik-tik kwa ndani. Kijana mwenye hamu ya kuwashangaza watu huvutiwa na gia hiyo kwa sababu ina sura ya kiufundi kuliko kitufe. Lakini hebu tuipime. Tuseme kipenyo chake cha nje ni milimita 20 na ina meno 38. Ukigawanya kipenyo kwa idadi ya meno ukiongeza mawili, yaani 20 kwa 40, unapata 0.5, ambayo mafundi wa gia huiita moduli. Kwa moduli hiyo, unene wa jino katikati yake haufiki hata milimita 0.8, na ncha ya milimita 0.4 itaweza kupitisha mistari miwili tu ya plastiki ndani ya jino zima, nayo isiyoshikana barabara. Isitoshe, meno ya gia inayosukumwa na skrubu hulazwa upande kidogo, na ukiyachora yamenyooka yataumana na skrubu kwenye ukingo tu na kulika upesi. Gia hiyo inaweza kugeuza feni kwa dakika kumi za mkutano ikaharibika mwezi huohuo sebuleni kwa mtu. Kitufe, ambacho hakimshangazi yeyote, kitadumu.

*Kazi inayofuata.* Kesho yake watu huja na mifuko. Kutakuwa na vishikizo vya rafu za mlango wa friji, miguu ya cherehani, vifuniko vya betri vya rimoti, na pia vitu ambavyo havina uhusiano wowote na plastiki, kwa kuwa aliyeona kitufe kikitengenezwa huamini kwamba na pasi iliyoungua itatengenezwa. Karibu kila kimoja kitakuwa cha aina yake, na kila kimoja kitadai kupimwa na kuchorwa upya. Kwa anayependa kujifunza, huo ni utajiri, lakini anayelipa kodi ya fremu huona muda mwingi ukienda kwa fedha kidogo.

*Ahadi.* Hotuba hii haisemi wazi kwamba “ninaweza kila kitu”, ila hadhira husikia hivyo.

*Inamfaa nani.* Inamfaa kijana ambaye mtaani kwake watu hawajawahi kuona kitu kilichochapwa kwa 3D, ambaye ana muda wa kuchora, na ambaye ameshajaribu spea yake kwenye kifaa chenyewe mara za kutosha. Haimfai aliyepata printa wiki iliyopita.

Hotuba ya pili: hesabu mezani

Hapa kijana haanzi na kifaa, anaanza na bei, na anaifungua yote bila kuficha kitu. Wapo wanaoona aibu kuwaeleza wateja gharama zao. Mimi naona katika mkutano wa mtaa uwazi huo ni silaha, mradi hesabu yenyewe iwe imefanywa sawasawa.

*Kinachohakikiwa.* Msikilizaji anapewa namba anazoweza kuzijumlisha mwenyewe. Tuchukue kitufe chetu kwa bei za mfano. Tuseme roli la uzi wa plastiki la kilo moja limemfikia kijana kwa shilingi 75,000, ambayo ni shilingi 75 kwa gramu. Kitufe kina gramu 6, kwa hiyo plastiki yake ni shilingi 450. Kinachapwa kwa dakika 40, na ikiwa ameamua kuweka akiba ya shilingi 500 kwa kila saa ya mashine kwa ajili ya ncha, mikanda na feni zinazochakaa, hapo pana shilingi 333. Umeme wa printa ndogo kwa muda huo ni kama sehemu ya kumi ya uniti, tuseme shilingi 35. Kitufe kimoja kinamgharimu takriban shilingi 820.

Mtu akiishia hapo, atatangaza bei ya shilingi 1,500 na kufilisika akiwa na wateja. Kilichoachwa ni uchoraji. Kupima kitufe kilichopasuka, kukichora na kuchapa majaribio mawili kabla ya kile kinachokubali, tukiithamini kazi ya kuchora kwa shilingi 6,000 na majaribio kwa 1,640, kunafanya shilingi 7,640 ambazo hulipwa mara moja tu kwa kila aina ya spea. Akija mteja mmoja peke yake, kitufe kitagharimu karibu shilingi 8,500 kabla ya faida, na hapo ndipo mama mmoja nyuma ya ukumbi atauliza, tena kwa haki kabisa: “Kijana wangu, kitufe elfu nane na feni yenyewe naipata kwa elfu arobaini, nitakuwa nimefaidika nini?”

Jibu limo katika mkutano wenyewe. Wakazi wa mtaa mmoja hununua feni kutoka maduka yaleyale, na feni za aina moja hupasuka kitufe kilekile. Wakipatikana watu kumi wenye tatizo hilo, gharama ya kuchora inagawanyika kuwa shilingi 764 kwa kila mmoja, jumla inakuwa chini ya 1,600, na kitufe kikiuzwa kwa shilingi 3,000 mteja ameokoa feni na kijana amebaki na chochote. Wakiwa wanne bado kuna nafuu ndogo. Wakiwa watatu, kwa bei hiyohiyo, anauza kwa hasara. Kwa hiyo swali la mama lisijibiwe kwa kubembeleza, bali kwa swali lingine linaloelekezwa kwa ukumbi mzima: “Ni wangapi hapa wana feni ya namna hii isiyogeuka kwa sababu ya kitufe? Naomba mnyooshe mikono.” Nafasi ya kuuliza hivyo, mbele ya kaya nyingi kwa mara moja, haipatikani dukani wala kwenye bango, na kwa hakika ndiyo sababu kubwa ya kuja kwenye mkutano na biashara hii.

*Kazi inayofuata.* Hotuba ya hesabu huleta oda chache za aina moja moja, zinazorudiwa. Ni kazi isiyosisimua, lakini mchoro uliokwisha kulipiwa hubaki kwenye kompyuta, na mteja wa kumi na moja anapokuja baada ya miezi mitatu, gharama yake ni ile 820 tu. Wenye maduka ya spea na mafundi wa vifaa vya umeme nao huielewa lugha hii haraka kuliko wengine, na wanaweza kuchukua vitufe ishirini kwa mkupuo.

*Ahadi.* Bei iliyotamkwa mkutanoni haifutiki. Roli likipanda bei, au umeme ukikatika uchapaji ukiwa nusu na kazi ikatupwa, tofauti hiyo ataibeba kijana mwenyewe, kwa sababu watu watakumbuka elfu tatu na hawatakumbuka masharti. Ni busara kutaja bei pamoja na kikomo chake, kwa mfano kwamba ni ya kitufe cha feni ya aina ile peke yake na ni ya msimu huu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeishi penye vifaa vinavyofanana, kama vile nyumba za wapangaji, mabweni au mtaa wenye mafundi cherehani wengi, na ambaye ameshika daftari la gharama zake halisi. Namba nilizozitumia ni za mfano, na asiyekuwa na za kwake asiisome hotuba hii kwa namba za kuazima.

Hotuba ya tatu: mipaka na dhamana

Hii huanza kwa kutaja kisichofanyika. “Sichapi chochote cha breki wala cha usukani. Sichapi kifaa cha mtungi wa gesi, wala sehemu ya soketi inayogusa umeme, wala kinachogusa chakula.” Ni mwanzo wa ajabu kwa mtu aliyekuja kutafuta wateja, na nimesikia wakiubeza. Hata hivyo una nguvu zake.

*Kinachohakikiwa.* Wengi hudhani mipaka ni maneno tu ambayo hayawezi kuonyeshwa, kumbe inaonyeshwa kwa urahisi kuliko ubora. Kijana anachapa vipande viwili vya mchoro mmoja, vyembamba na virefu kama kidole, kwa plastiki ileile. Kimoja kimechapwa kikiwa kimelala, na kingine kimesimama. Kwa macho havitofautiani sana. Anampa mzee avivunje. Kilicholala hupinda, hukataa, na mzee hulazimika kutumia mikono miwili kwa nguvu. Kilichosimama hukatika kwa mlio mkavu, na mahali kilipokatika pamekatika pasafi, kwa sababu ufa umepita kati ya tabaka na tabaka, mahali ambapo plastiki mpya ilishikana na ile iliyokwisha kupoa. Ukumbi mzima unaelewa, bila somo, kwa nini ndoano ya kutundikia mzigo iliyochapwa kwa upande usiofaa ni hatari, na kwa nini swali la kumuuliza mchapaji yeyote ni “ulikichapa kimelala au kimesimama?”

Onyesho la pili linahitaji kikombe cha maji yaliyotoka jikoni. PLA, ambayo ni plastiki rahisi kuchapa na inayopendwa na wanaoanza, hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 60, kwa hiyo kipande chembamba kikitumbukizwa kwenye maji ya moto hupinda kwa kidole. PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, huvumilia hadi karibu nyuzi 80. Gari lililoegeshwa juani lenye vioo vilivyofungwa huweza kufikisha nyuzi 60 juu ya dashibodi, na hapo mwenye gari anajua mwenyewe aagize nini. Kitufe cha feni yetu, kilicho nyuma ya mota inayopata joto, nacho ni heri kikachapwa kwa PETG.

*Kazi inayofuata.* Huja wateja wachache, lakini wenye maswali mazuri, na miongoni mwao huwa kuna mafundi. Fundi aliyekuwa akihofia kwamba printa imekuja kumnyang’anya kazi hugundua kwamba spea ya chuma inabaki kwake, na kijana anaweza kumtumia wateja. Mtaa ulio karibu na Gerezani jijini Dar es Salaam, ambako mafundi chuma wamejaa, ungekuwa mahali pabaya pa kudai kwamba plastiki inaweza yote.

*Ahadi.* Hapa ahadi hutolewa kwa makusudi, na lazima iwe nyembamba ili itekelezeke. Kusema “spea zangu zina dhamana” ni kujitia kitanzi. Kusema kwamba kitufe kikikatika ndani ya miezi mitatu, mteja akakirudisha kile kilichokatika, atachapiwa kingine bure, ni ahadi inayojulikana gharama yake, yaani zile shilingi 820, na tena inamrudishia kijana kipande kilichovunjika ambacho ni somo la bure. Kuna ahadi ndogo ya kuongeza katika hotuba yoyote, nayo ni kwamba hachapi nembo ya kampuni juu ya spea. Mteja anayetaka nembo anataka kuuza feki.

*Inamfaa nani.* Inafaa mahali ambapo watu wameshawahi kuumizwa na bidhaa hafifu au na mradi uliokuja kwa mbwembwe, na penye mafundi wengi. Penye watu ambao hawajui kabisa printa hii ni kitu gani, kuanza na mipaka kunachosha, kwa sababu hawajaona bado kitu ambacho kina mipaka.

Ipi kwa hali ipi

Ukiwa umepewa dakika tatu badala ya kumi, hotuba ya spea mkononi ndiyo inayoingia humo, mradi uchague kitufe na uache gia. Hesabu ikikatizwa njiani huonekana kama ujanja.

Kama mkutano unafanyika nje chini ya mti, pasipo umeme wa kuwashia feni, onyesho la kupachika linapoteza nusu ya nguvu zake, na hapo vipande viwili vya kuvunjwa vya hotuba ya tatu vinafaa zaidi kwa kuwa havihitaji waya.

Kama tayari una wateja wawili watatu mtaani na unachotafuta ni oda za kutosha kugawana gharama za michoro, chukua hotuba ya hesabu, na uandae karatasi ambayo watu wataandika aina ya kifaa na sehemu iliyovunjika. Waombe waandike pia modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma au cha chini ya kifaa, kwa sababu “feni nyeupe” haitakusaidia kujua kama kumi walionyoosha mikono wana kitufe kimoja au vitatu tofauti.

Kama mtaani kwako kuna fundi wa vifaa vya umeme anayeheshimika, mwone kabla ya mkutano, hata kama umechagua hotuba ya kwanza. Ikiwezekana, yeye ndiye apachike kitufe mbele za watu badala ya mzee.

Kuchanganya kunawezekana, ila kwa mpangilio: dakika tatu za spea, nne za hesabu, na moja ya vitu usivyochapa, ukibakiza mbili za maswali. Ukitanguliza hesabu kabla ya spea, watu watakuwa wanajumlisha bei ya kitu wasichokijua. Na mwenyekiti akikupunguzia muda ukiwa tayari umesimama, punguza hesabu, usipunguze vile usivyochapa, kwa kuwa bei mtu anaweza kuja kuiuliza dukani, lakini mwenye pikipiki aliyeondoka akidhani unachapa kipini cha breki huenda asikuulize wewe, akaenda kukichapisha kwa mwingine.